Homa ya Manjano: Chanjo Moja, Kazi Mbili

Bwamba, magharibi mwa Uganda, ni mahali ambapo shamba na msitu vimekaribiana mno. Chini ya Milima ya Ruwenzori migomba imepandwa hadi kwenye kingo za miti mikubwa, na kima hawana safari ndefu kuzifikia ndizi. Katika miaka ya 1940, watafiti wa kituo cha homa ya manjano cha Entebe, kilichoanzishwa mwaka 1936, walikwenda huko kutegua kitendawili. Damu za wenyeji wengi zilionyesha kwamba waliwahi kuambukizwa homa ya manjano, lakini hapakuwa na mji wala mlipuko wa kuelezea maambukizi hayo. Virusi vilitoka wapi?

Mwanasayansi Alexander Haddow na wenzake walijenga majukwaa juu ya miti. Wasaidizi wao walikaa huko kwa zamu, usiku na mchana, wakikamata kila mbu aliyetua mwilini mwao na kuandika saa na kimo. Kazi hiyo ilifichua jambo ambalo mtu aliyesimama chini asingeweza kuliona. Kuna mbu wa jamii ya Aedes anayeishi vileleni na kuuma zaidi jua linapozama, wakati huohuo kima wanapopanda juu kulala. Virusi huzunguka huko juu, kutoka mbu hadi kima na kima hadi mbu, bila binadamu kuhusika.

Kiungo cha pili kilikuwa shambani. Pale jani la mgomba linaposhikana na shina, maji ya mvua hujikusanya, na mbu mwingine wa jamii hiyohiyo hutaga mayai humo. Huyu huuma mchana, karibu na ardhi. Kima mwenye virusi damuni anaposhuka kuiba ndizi, mbu wa migombani humuuma. Takriban siku kumi au zaidi baadaye, virusi vikishaongezeka mwilini mwa mbu huyo na kufika kwenye mate yake, humuuma mkulima anayepalilia. Hivyo ndivyo virusi vinavyotoka kileleni hadi kwenye damu ya mtu ambaye pengine hajawahi kuingia msituni.

Hapo ndipo wengi humtupia kima lawama zote, na ndipo wanapokosea. Kima wa Afrika akiambukizwa, kwa kawaida haugui. Virusi hukaa katika damu yake siku chache tu, kisha mwili unajenga kinga na hawezi tena kumwambukiza mbu maisha yake yote. Kundi zima likishaambukizwa, virusi havina pa kwenda mpaka vipate kundi jingine au mpaka watoto wapya wazaliwe. Kwa hiyo kima huvizidisha virusi kwa muda mfupi, lakini havitunzi. Anayevitunza ni mbu. Mbu jike akishavipata hubaki navyo hadi kufa, na baadhi huvirithisha kupitia mayai, ambayo yanaweza kuvumilia kiangazi yakisubiri mvua. Ukiwaua kima wote wa msitu mmoja, utakuwa umeharibu msitu na virusi bado vipo.

Tena kima wa Afrika ana tabia moja inayotupa kazi ya ziada. Katika misitu ya Brazili, tumbili wakubwa wenye sauti ya kuvuma hufa kwa wingi wakiambukizwa, na maofisa wa afya huichukua mizoga yao kama onyo la mapema. Kwetu onyo hilo halipo, kwa sababu kima wetu hubaki wazima. Mara nyingi ishara ya kwanza ni mtu aliyekuja zahanati na macho ya manjano.

Na mtu huyo si rahisi kumtambua mapema. Siku tatu hadi sita baada ya kuumwa na mbu huanza homa, kichwa kuuma, mgongo kuuma na kutapika, dalili ambazo kila mtu wa ukanda huu angedhani ni malaria. Wengi hupona baada ya siku tatu au nne. Lakini takriban watu 15 kati ya 100 hupata nafuu ya siku moja hivi, kisha homa hurudi ikiwa kali: macho na ngozi huwa manjano, damu hutoka puani, mdomoni au tumboni, na figo hushindwa kufanya kazi. Karibu nusu ya wanaofikia hatua hiyo hufariki. Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Kipimo cha damu katika maabara ndicho kinachothibitisha ugonjwa, kwa kuwa hata homa ya ini huleta macho ya manjano.

Hatari hubadilika kabisa mgonjwa anapopanda basi kwenda mjini. Huko kuna mbu mwingine, yuleyule anayeeneza dengi, anayezaliana kwenye mapipa, matairi na ndoo. Yeye hahitaji kima. Humuuma mgonjwa katika siku za kwanza za homa, na baadaye humuuma jirani. Sasa mtu mwenyewe amekuwa ndiye anayezidisha virusi, na mji una watu mamilioni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Luanda, Angola. Mlipuko ulianza Viana, pembezoni mwa jiji hilo, Desemba 2015, ukaenea nchini, kisha wasafiri wakaupeleka Kongo, hata Kenya na China. Akiba ya dharura ya dunia ilikuwa dozi takriban milioni 6, na ilikwisha upesi. Chanjo hii hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, na kutengeneza shehena mpya huchukua karibu mwaka mzima. Jiji la Kinshasa, lenye watu zaidi ya milioni 10, lilikuwa linasubiri.

Shirika la Afya Duniani likakubali njia ya dharura. Badala ya nusu mililita ya kawaida, mtu angepewa moja ya tano yake, yaani mililita 0.1. Watoto wadogo wasiofika miaka miwili na wajawazito walipewa dozi kamili. Agosti 2016, zaidi ya watu milioni 7 wa Kinshasa walichanjwa kwa dozi hiyo ndogo, kabla mvua hazijaongeza mbu. Uchunguzi wa damu za baadhi yao, mwezi mmoja baadaye, ulionyesha kwamba takriban asilimia 98 walikuwa na kinga. Mlipuko ulitangazwa kuisha Februari 2017.

Linganisha sasa Kinshasa na Bwamba. Mjini virusi hutegemea watu, hivyo karibu asilimia 80 wakichanjwa, mbu hawapati wagonjwa wa kutosha na mnyororo hukatika. Hata ambaye hakuchanjwa hunufaika na kinga ya jirani. Kando ya msitu, sivyo. Virusi hutoka kwa kima na mbu ambao hakuna atakayewachanja. Kijiji kizima kikichanjwa isipokuwa wewe, mbu wa migombani anaweza bado kukuambukiza wewe. Ndiyo maana baada ya mlipuko wa Bonde la Kerio, Kenya, mwaka 1992, watoto wa eneo hilo waliwekewa chanjo hii katika ratiba yao, na Uganda ikafanya vivyo hivyo kwa watoto wote mwaka 2022.

Chanjo yenyewe, iitwayo 17D, ilitengenezwa na Max Theiler katika miaka ya 1930. Dozi moja hukinga maisha yote, na cheti cha msafiri huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano. Kwa kuwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa, haifai kwa mtoto chini ya miezi sita, mwenye mzio mkali wa mayai, wala mwenye kinga ya mwili iliyoporomoka. Kwa wengine wote, anayelima kando ya msitu achanjwe kwa ajili ya maisha yake mwenyewe, kwani hakuna atakayemkinga kwa niaba yake. Anayeishi mjini achanjwe pia kwa ajili ya jirani yake.