Umesoma Noti Mara Sita na Bado Umefeli? Hii Ndio Sababu

Cheki hii. Uko kwa matatu na ile ngoma imekuwa kila mahali tangu Disemba inapigwa. Unaimba yote, neno kwa neno, mpaka msee wa kando anakuangalia. Halafu makanga anazima mziki ghafla juu ameona karao mbele. Uko katikati ya ubeti wa pili na umekwama. Mdomo uko wazi, maneno hayako. Kumbe hukuwa unaujua huo wimbo, ulikuwa unaufuata tu.

Sasa hivyo ndivyo wengi wetu tunabukua. Tunafungua noti, tunasoma, tunarudia, tunapaka rangi ya njano kila laini, na kila tukirudia tunaskia tumeiva. Siku ya mtihani mziki unazimwa.

Mimi ilinipata mwaka wa pili chuoni, kabla niachane na hiyo maneno ya digrii. Somo lilikuwa takwimu. Noti nilizisoma mara sita, na sidanganyi, nilikuwa nahesabu. Ile usiku nililala fiti kabisa. Asubuhi swali la kwanza likaniuliza kwa nini ukiwa na sampuli unagawanya kwa n − 1 na si n. Manze, niliona hata ukurasa ule kichwani. Niliona ilikuwa upande wa kushoto, chini kidogo, nimepigia mstari. Lakini sababu yenyewe haikuja. Nilijua iko wapi bila kuijua. Nikaandika stori hapo, nikapata sapu, na mathe akatafuta doh ya kuirudia. Kwa miaka nilidhani tatizo ni mimi ni mjinga. Wacha nikuchanue venye nilikuja kuelewa baadaye.

Kuna kitu wataalamu wa saikolojia wanaita metakognisheni. Jina ni refu lakini maana yake ni rahisi: ni ile sehemu ya akili inayokagua akili yenyewe. Ni yule askari wa ndani anayekuambia "hii naijua, twende ya pili" ama "hapa bado, rudia". Ukiwa unabukua, huyo askari ndiye anaamua ufunge kitabu saa ngapi. Shida ni kwamba yeye haoni kilicho kwa kumbukumbu yako moja kwa moja. Anakisia. Na kitu anatumia sana kukisia ni wepesi: kama hii kitu imeteleza vizuri kichwani sasa hivi, basi lazima naijua.

Mara ya kwanza ukisoma ukurasa, unajikwaa. Mara ya pili macho yanaenda haraka. Mara ya nne unajua hata sentensi inayofuata inaanza vipi. Huo wepesi ni wa ukweli, lakini umetoka kwa kuzoea ukurasa. Askari wako anaona wepesi, anasema "tumeiva". Na usisahau jibu liko hapo mbele yako muda wote. Kutambua kitu ukikiona ni kazi moja, kukitoa kichwani kama hakipo ni kazi ingine kabisa, na mtihani mwingi unataka hiyo ya pili.

Hii si falsafa ya mtaani, imepimwa. Mwaka wa 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichukua wanafunzi wa chuo wakawapa vifungu vifupi vya kusoma, vya kisayansi lakini vyepesi. Kimoja kilihusu jua, kingine kilihusu fisimaji wa baharini. Kundi moja lilisoma kifungu chake katika vipindi vinne vya dakika tano tano. Kwa huo muda walikuwa wamekipitia kama mara 14 kwa wastani. Kundi lingine lilisoma kipindi kimoja tu, kama mara tatu na kitu, halafu vipindi vitatu vilivyobaki walipewa karatasi tupu waandike kila kitu wanakumbuka. Bila kuchungulia.

Kabla waende nyumbani, waliulizwa: unadhani utakumbuka hii kitu vipi baada ya wiki moja? Jipe alama kutoka 1 hadi 7. Wale wa kusoma na kusoma walijipa 4.8 kwa wastani. Wale wa karatasi tupu walijipa 4.0. Na ukifikiria, iko sawa tu. Mmoja ametoka hapo kila kitu kikiteleza, mwingine ametoka akijua mahali amekwama mara tatu.

Wiki ikaisha. Wale wa kusoma mara 14 walikumbuka asilimia 40 ya kifungu. Wale wa karatasi tupu walikumbuka asilimia 61. Waliojiamini zaidi ndio walisahau zaidi.

Lakini kuna sehemu moja ya hiyo utafiti watu huruka, na mimi naona ndio tamu. Kuna wengine walipimwa dakika tano tu baada ya kumaliza, na hapo mambo yaligeuka: wa kusoma walipata asilimia 83, wa karatasi tupu 71. Kumaanisha kusoma kwa kurudia kunafanya kazi, kwa dakika tano. Hapo ndipo tunashikwa. Ukisoma noti nje ya mlango wa mtihani na swali moja likuje vile vile, utaapa maisha yako yote kwamba hiyo ndio njia. Unapewa zawadi haraka, deni linakuja baadaye wakati hukumbuki hata ulikopa.

Wawili hao walirudi tena mwaka wa 2008, na hii itakuchekesha. Walitaka maneno ambayo wanafunzi wao hawakuwa wanayajua kabisa, wakachukua Kiswahili. Eeh, lugha yetu. Wamarekani walipewa maneno 40 kama "mashua" na maana yake kwa Kizungu, wakasoma na kujipima mpaka wote wakawa wameyajua. Tofauti ilikuwa moja: wengine wakishapata neno mara moja, walikuwa hawapimwi nalo tena, na wengine waliendelea kupimwa nalo hata kama walishalipata. Baada ya wiki, walioendelea kupimwa walikumbuka kama asilimia 80. Walioacha kupimwa walikumbuka kama theluthi moja, hata wale walioendelea kuyasoma hayo maneno. Na makundi yote yalikuwa yametabiri kitu kimoja: nusu hivi. Hakuna hata kundi lilihisi tofauti ndani yake. Hiyo ndio sehemu ya kutisha, juu inamaanisha huwezi kuikagua kwa kuskiza moyo.

Sasa unajuaje kama unajua? Wacha nikuonyeshe na kitu nilifanya juzi. Kuna kijana wa ploti yetu yuko sekondari, alikuwa anadurusu bayolojia hapo kwa ngazi, mada ni osmosisi. Nikamuuliza kama ameiva. Akasema ameiva mbaya. Nikamwambia ajipe alama kabla tuanze, akajipa tisa kwa kumi. Nikachukua kitabu nikakalia. Nikamuuliza: mathe wako akikata nyanya na kitunguu, aweke chumvi, kachumbari ikae dakika kumi, mbona chini ya bakuli kunajaa maji?

Akaanza vizuri. "Osmosisi ni msogeo wa maji kupitia utando..." halafu kimya. Alikuwa na maneno yote ya noti lakini hakujua maji yanatoka wapi yanaenda wapi, ama chumvi inafanya nini hapo. Akakisia ati chumvi inayeyuka inakuwa maji. Kwa kumi nilimpa tatu, na hiyo ni huruma. Tukafungua kitabu, na cheki venye alisoma hiyo mara: macho hayakuteleza, yalikuwa yanatafuta. Akapata. Nje ya seli za nyanya kuna chumvi nyingi, ndani maji yana vitu vichache vilivyoyeyuka, kwa hivyo maji yanapita kwa utando yakitoka ndani kuelekea kwa chumvi. Aya ni ile ile alikuwa amepitia asubuhi mzima.

Ile tisa na ile tatu ndio nilitaka aone. Watu wengi hujipima lakini hawajiandikii utabiri kwanza, so wakikosa wanasema "ah, hiyo nilikuwa naijua, imenitoka tu". Ukiwa umeandika tisa kwa karatasi, hakuna mahali pa kujificha. Ukifanya hivyo mara kadhaa unaanza kujua askari wako hudanganya kwa kiasi gani, na kwa somo gani.

Kuna mtego hapo lakini. Usijipime sekunde ishirini baada ya kufunga noti. Hapo bado maneno yako mdomoni, utapita na utajidanganya upya. Thomas Nelson na John Dunlosky walionyesha hii mwaka wa 1991: watu wakiulizwa kama wanajua kitu papo hapo baada ya kukisoma, utabiri wao ni mbovu, lakini wakingoja dakika kadhaa halafu waonyeshwe swali peke yake bila jibu, utabiri unakuwa karibu sana na ukweli. Kwa hivyo soma, enda udishi, piga stori, halafu rudi na karatasi tupu. Kesho yake ni poa zaidi. Na swali likae peke yake. Ukiliona na jibu kando yake, umerudi kwa matatu unaimba na mziki uko juu.

Usinielewe vibaya ukachoma noti. Kusoma mara ya kwanza ni lazima, huwezi kukumbuka kitu hakijaingia. Na kama kitu hujakielewa toka mwanzo, karatasi tupu haitakuelewesha, itakuonyesha tu shimo liko wapi. Hapo tafuta mwalimu ama komrade aliyeshika. Pia, ukimaliza kuandika, lazima ufungue noti ulinganishe. Yule kijana angeachwa na ile nadharia yake ya chumvi kugeuka maji, angeirudia vizuri mpaka siku ya mtihani.

Na itauma, niseme tu. Kujipima kunakufanya uskie mjinga kila jioni, na kusoma noti kunakufanya uskie genius kila jioni. Mimi nilichagua ile ya kuskia genius kwa mihula minne.

Sasa usiskroli juu. Wale wa kusoma mara 14, baada ya wiki walikumbuka asilimia ngapi? Na maji ya kachumbari yanatoka wapi? Andika kwanza unadhani utapata ngapi kwa mbili, halafu jibu. Ama bora zaidi, jiulize kesho ukiwa kwa matatu.