Barua ya onyo kwa mfanyakazi anayechelewa

Barua ya onyo huandikwa mfanyakazi anapoendelea kuchelewa baada ya kukanywa kwa mdomo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kwa kosa kama kuchelewa, onyo la maandishi ni sehemu ya utaratibu huo, na shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, barua hiyo huwa ushahidi.

Tuseme mtunza stoo anatakiwa kuingia saa 2:00 asubuhi. Tarehe 10 Februari msimamizi alimwonya kwa mdomo na kuliandika onyo hilo kwenye jalada lake. Mwezi Machi daftari la mahudhurio likaonyesha siku tano za kuchelewa. Kabla ya kuandika onyo, mwajiri anampa barua ya kujieleza. Mtunza stoo anajibu kwamba tarehe 21 alikuwa kliniki, na analeta cheti. Siku hiyo inaondolewa kwenye hesabu, zinabaki nne.

Barua ya onyo basi inataja nne hizo tu: tarehe 3 aliingia saa 2:35, tarehe 7 saa 2:50, tarehe 12 saa 2:40, na tarehe 18 saa 3:10. Jumla ni saa 3 na dakika 15. Inataja pia kifungu cha kanuni za kazi kilichovunjwa, onyo la Februari, maelezo aliyotoa na namna yalivyopimwa. Mwisho inasema anachotakiwa kufanya, onyo litadumu muda gani kwa mujibu wa kanuni za kampuni, hatua itakayofuata akirudia, na nani wa kumkatia rufaa.

Barua nyingi huharibiwa na maneno kama “unachelewa kila siku” au “wewe ni mvivu”. La kwanza huanguka mara daftari linapofunguliwa. La pili ni hukumu juu ya tabia, si maelezo ya tukio. Wengine huchanganya kuchelewa na utoro, ambalo ni kosa jingine.

Kasoro nyingine haionekani ndani ya barua yenyewe. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaangalia kama kanuni iliyovunjwa ilijulikana kwa mfanyakazi na kama mwajiri huitumia kwa usawa. Ikiwa keshia aliyechelewa mara nne mwezi huohuo hakuguswa, na hakuna sababu ya tofauti hiyo, onyo la mtunza stoo linapungua nguvu hata kama kila dakika iliyoandikwa ni sahihi.

Mfanyakazi husaini kuthibitisha kwamba ameipokea barua, si kwamba amekubali kosa, na ni vizuri maneno hayo yaandikwe juu ya sahihi. Akikataa kusaini, shahidi huandika kwamba alikabidhiwa, pamoja na tarehe na saa, na nakala huwekwa kwenye jalada lake.