Jumapili ya Kwanza ya Majilio Hupatikanaje?

Waumini wengi hudhani Majilio huanza Jumapili ya kwanza ya Desemba. Kuna miaka ambayo wanapatia, na ndiyo maana dhana hiyo haifi. Lakini mwaka 2025 Majilio yalianza tarehe 30 Novemba, na mwaka 2026 yanaanza tarehe 29. Anayesubiri Desemba atakuta mshumaa wa kwanza umekwisha kuwashwa.

Kwa Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, hesabu huanzia Krismasi na kurudi nyuma. Tafuta Jumapili iliyo kabla ya tarehe 25 Desemba. Hiyo ndiyo ya nne. Kutoka hapo rudi nyuma wiki tatu, utaifikia ya kwanza. Mwaka 2026 Krismasi ni Ijumaa, kwa hiyo Jumapili ya nne ni tarehe 20, ya tatu 13, ya pili 6, na ya kwanza 29 Novemba. Ukitaka kujihakikishia, tazama sikukuu ya Mtume Andrea, tarehe 30 Novemba: Jumapili iliyo karibu nayo zaidi, iwe kabla, baada au siku yenyewe, ndiyo unayoitafuta. Haiwezi kutangulia tarehe 27 Novemba wala kupita tarehe 3 Desemba.

Makosa hutokea zaidi Krismasi inapoangukia Jumapili au Jumatatu. Mwaka 2022 ilikuwa Jumapili, na aliyeihesabu kuwa ya nne alichelewa wiki nzima, kwa sababu Krismasi yenyewe haimo katika Majilio. Mwaka ule yalianza tarehe 27 Novemba, yakatimiza siku 28. Mwaka uliofuata Krismasi ikawa Jumatatu. Tarehe 24 asubuhi watu walisali Jumapili ya nne ya Majilio, na jioni ileile wakarudi kwa mkesha wa Krismasi. Wiki ya nne ilikwisha siku hiyohiyo. Ni kazi nzito kwa wanakwaya na wapambaji, lakini kanuni haivunjwi.

Si Wakristo wote wanaohesabu hivi. Kanisa la Milano, linalofuata liturujia ya Mtakatifu Ambrosi, lina Jumapili sita za Majilio. Waorthodoksi hufungua mwaka wao wa Kanisa tarehe 1 Septemba.

Kwa Wakatoliki, Jumapili hiyo ya kwanza hubadilisha pia mzunguko wa masomo ya Misa za Jumapili: Mwaka A husomwa zaidi Mathayo, Mwaka B Marko, na Mwaka C Luka. Ili kujua herufi, chukua mwaka wa kalenda unaofuata, maana mwaka wa Kanisa hutangulia kwa mwezi mmoja hivi. Ukigawanyika kwa tatu bila baki ni C. Ukibakiza moja ni A. Ukibakiza mbili ni B. Tarehe 29 Novemba 2026 tunahesabu 2027, inabaki mbili, basi msomaji afungue kitabu cha Mwaka B.