Heshima Pasipo Kilemba cha Ukoka: Barua Pepe Moja kutoka Tunduma

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wanataaluma wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeanza kwa neno "Mheshimiwa", na sidhani kwamba kuna mtu humu ukumbini aliyejiuliza kama nimesema kweli au uongo. Naomba jambo hilo dogo tulikumbuke, kwani ndilo mzizi wa yote nitakayoyaeleza jioni hii.

Mhadhara wangu unahusu barua pepe moja. Iliandikwa Tunduma, mji wetu wa mpakani mkoani Songwe, na kijana niliyepata kumfundisha, ambaye sasa ameajiriwa na kampuni ya uwakala wa forodha. Mwenyewe ameniruhusu kuitumia, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la kampuni. Kichwa chake kilikuwa "Salamu na shukrani", na mwili wake ulikuwa huu:

"Shikamoo Mheshimiwa Mkurugenzi wetu mpendwa. Awali ya yote namshukuru Mungu kwa kutujalia kiongozi mwenye hekima isiyo kifani, baba wa wafanyakazi wote na taa ya kampuni yetu. Hakika bila wewe ofisi ya Tunduma isingekuwapo. Mashine ya kunakilia uliyotutumia wiki iliyopita ni kitendo ambacho hakijapata kufanywa na kiongozi yeyote duniani. Mimi mtumishi wako mdogo nisiyestahili napata ujasiri wa kukuandikia kwa sababu ya upole wako usio na mipaka. Kuna tatizo dogo la namba katika nyaraka za lori moja, ambalo naamini kwa busara zako utalitatua kwa namna utakavyoona inafaa. Mungu akuzidishie umri mrefu."

Sentensi ni saba, na lori limetajwa katika ile ya sita tu. Mkurugenzi, aliyekuwa Dar es Salaam, alikiona kichwa cha barua katika simu yake asubuhi, akadhani ni salamu, akaendelea na shughuli zake. Jioni alipoifungua alijibu kwa maneno matatu: "Unataka nini hasa?" Wakati huo lori lilikuwa linajiandaa kulala Tunduma usiku wa pili, na mwenye lori alikuwa amekwisha kudai malipo ya kusubiri.

Nilipozungumza na kijana huyo aliniambia jambo ambalo barua yake haikulisema. Namba iliyokosewa aliiandika yeye mwenyewe. Sifa zote zile zilikuwa hofu iliyovaa nguo za sikukuu. Sisemi hivyo kumcheka. Nasema hivyo kwa sababu msomaji mwenye uzoefu huinusa hofu hiyo, ingawa hawezi kujua inatoka wapi, na ndiyo maana jibu la mkurugenzi lilikuwa na ukali wa mtu anayehisi kwamba anavishwa kilemba cha ukoka.

Sasa turudi kwenye neno "Mheshimiwa". Mwanafalsafa wa Oxford, J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1962, alionyesha kwamba si kila usemi ni taarifa inayoweza kupimwa kwa ukweli na uongo. Kuna semi ambazo kuzitamka ndiko kutenda: kuahidi, kuomba radhi, kusalimu. Kiswahili kinatupa mfano ulio wazi kuliko mingi. Asili ya "shikamoo" ni kauli ya kushika miguu ya mtu, lakini hakuna anayemwambia kijana, "Mbona hujanishika miguu?" Neno limekuwa tendo la heshima, na hujibiwa "marahaba", basi. Vivyo hivyo "Wako mtiifu" chini ya barua ya kiofisi: hakuna afisa anayefungua jalada kuchunguza kiasi cha utii huo.

Lakini "kiongozi mwenye hekima isiyo kifani" ni taarifa. Inadai kwamba jambo fulani ni kweli, na kwa hiyo inampa msomaji haki ya kuipima. Mkurugenzi anajua kwamba ofisi ya Tunduma ingekuwapo bila yeye. Anajua pia kwamba viongozi wengi duniani wamewahi kununua mashine za kunakilia. Akishagundua kwamba taarifa tatu za mwanzo si za kweli, ataisoma ya nne, yaani ile ya lori, kwa macho yaleyale ya shaka. Hapa ndipo ninapoona mpaka kati ya heshima na kujikomba katika lugha yetu. Heshima hubebwa na umbo, nalo umbo halidai chochote. Kujikomba hubebwa na taarifa, nayo taarifa hudai. Anayetaka kupunguza sifa bila kupunguza heshima na aondoe taarifa zisizothibitika, aache maumbo yakae mahali pake.

Kwa nini basi waandishi hodari, na kijana huyu ni mmoja wao, huzidisha vivumishi? Nina maelezo ninayoyapendekeza, wala siyatoi kama hukumu ya mwisho. Ukanda ule una lugha zinazoonyesha heshima ndani ya kitenzi chenyewe. Mnyakyusa humsalimu mwenzake "ugonile", lakini kwa mkubwa husema "mugonile", akimpa mtu mmoja nafsi ya wingi. Kibemba, kinachosikika sana upande wa pili wa mpaka, Nakonde, nacho humpa mkubwa wingi, na humwongezea neno "mukwai". Kiswahili sanifu hakina utaratibu huo: mkurugenzi ni "wewe", na mtoto ni "wewe". Aliyelelewa kuona heshima katika kila kitenzi huhisi kwamba sentensi ya Kiswahili imekwenda uchi, akaifunika kwa "mpendwa" na "isiyo kifani". Tena tusisahau kwamba vyeo vyenyewe havikutulia. Katika miaka ya ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la 1967, "Ndugu" lilitosha kwa waziri na kwa karani. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 na miaka iliyofuata, "Mheshimiwa" lilishika kasi, na leo wapo wanaoona kwamba hata hilo peke yake ni kavu.

Lakini sentensi ya Kiswahili haiko uchi. Vazi lake liko kwingine, hasa katika dhamira tegemezi. Linganisheni "saini barua", "tafadhali saini barua" na "naomba usaini barua". Ya kwanza ni amri. Ya pili ni amri iliyopakwa mafuta kidogo. Ikitoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa bado inakwaruza. Ya tatu imemweka mwombaji mbele kama mwombaji, na uamuzi umeachwa kwa anayeombwa, bila kivumishi hata kimoja. Ukiongeza "ikiwezekana", umempa mlango wa kukataa bila kugombana.

Nilimwomba kijana aiandike upya barua yake. Jaribio la kwanza lilikuwa hili: "Namba ya kontena imekosewa. Tuma barua ya marekebisho leo kabla ya saa 8." Kama mnavyoona, alifuta taarifa za sifa, kisha akafuta na maumbo ya heshima pamoja nazo. Kosa hili ni la kawaida sana, na hutufanya tuamini kwamba hakuna njia ya kati. Tazameni pia "imekosewa": kauli ya kutendwa imemficha mtendaji. Kauli hiyo husaidia kumsitiri mtu mwingine. Mwandishi akiitumia kujisitiri mwenyewe, msomaji huuliza mara moja, "Imekosewa na nani?"

Barua tuliyofikia baada ya mazungumzo ni hii. Kichwa: "Ombi la barua ya marekebisho ya namba ya kontena kabla ya saa 8 mchana leo". Kisha:

"Shikamoo Mkurugenzi. Lori lenye kontena ya shaba limezuiliwa hapa Tunduma tangu jana jioni, kwa sababu namba ya kontena katika tamko la forodha haifanani na iliyo kwenye kontena yenyewe. Tarakimu ya tano imeandikwa 6 badala ya 9. Niliyeiandika ni mimi, na naomba radhi. Nimeambatisha barua ya kuomba marekebisho. Naomba uisaini, na ikiwezekana tuipate kabla ya saa 8 mchana ili lori lisilale usiku wa pili. Mashine ya kunakilia uliyotutumia inafanya kazi vizuri, nasi hatutoki tena kwenda kunakili nyaraka mtaani. Ahsante. Wako mtiifu."

"Shikamoo" imebaki, kwa kuwa mkurugenzi amemzidi umri. "Mheshimiwa" limeondoka kwa sababu cheo kilichotajwa kinatosha. Lingebaki, barua isingeharibika. "Mtumishi wako mdogo nisiyestahili" limeondoka bila majadiliano, kwani kujidunisha nako ni taarifa: kunadai kwamba mwandishi hafai, kisha kunamtegemea msomaji akatae. "Kwa namna utakavyoona inafaa" lilionekana la adabu, lakini lilimnyima mkurugenzi kitu alichokihitaji kuliko sifa, yaani kujua atakiwacho na saa yake. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Aliyeambiwa ni tarakimu ipi iliyokosewa huimaliza kazi kwa dakika chache, na aliyeambiwa "tatizo dogo" hana pa kuanzia.

Shukrani ya mashine haikufutwa. Wanafunzi wangu wengine walitaka ifutwe, nami nikakataa. Ile ilikuwa sifa ya kweli iliyoharibiwa na neno "duniani". Tulipoirudisha kwenye jambo linaloonekana, kwamba watu hawatoki tena kwenda mtaani, ikawa taarifa ambayo mkurugenzi anaweza kuipima akaikuta sahihi. Tumeiweka baada ya ombi kwa makusudi. Ikitangulia, husomeka kama malipo ya awali.

Kuna mpaka wa haya yote, nao aliuuliza kijana mwenyewe. Je, kama mkurugenzi amezoea kusifiwa kila wiki, barua ya namna hii haitasomwa kama kununa? Inawezekana sana. Sifa zikizoeleka hugeuka nazo kuwa umbo, na umbo likiondolewa ghafla huacha pengo linalosemwa. Ushauri niliompa ni kuanza na kujidunisha, ambako kukiondoka hakuna anayekukumbuka. Baada ya hapo aondoe vivumishi vya kupindukia, kimoja kimoja, katika barua zisizo na ombi lolote. Salamu aiache ilivyo, hata aiongeze: kuuliza hali ya nyumbani, kutoa pole ya safari. Nilipozungumza naye mara ya mwisho alikuwa bado anaandika "Mkurugenzi wetu mpendwa", lakini "taa ya kampuni" ilikuwa imekwisha kuzimwa, na kichwa cha kila barua kilikuwa kinataja namba ya lori.