Kabla ya Kumwongezea Damu, Mtazame Macho

Chukua mfano wa mzee wa miaka 68 anayeishi Ruiru. Kichwa kimemuuma wiki kadhaa, macho yana ukungu, na pua inamtoka damu bila kugongwa. Zahanati inampima presha, iko sawa. Anabadilisha miwani, ukungu unabaki. Anapelekwa Thika, himoglobini inasoma 7, na mtu anapendekeza aongezewe damu upesi. Hapo pana hatari.

Mzee huyu ana limfoma iliyokaa ndani ya uboho, ile inayoitwa ugonjwa wa Waldenström, kwa jina la daktari Mswidi aliyeueleza mwaka 1944 kutokana na wagonjwa waliokuwa wakitokwa damu puani na mdomoni. Seli zake hutengeneza kingamwili ya aina moja, IgM, bila kikomo. IgM ni kubwa mno, vipande vitano vilivyoungana, hivyo sehemu kubwa hubaki ndani ya mishipa. Kwa kawaida haifiki gramu 3 kwa lita ya damu. Ikipita 40, plazma yaweza kuwa nzito kama uji na kupita kwa shida kwenye mishipa midogo ya macho na ubongo. Isitoshe, IgM huvifunika vigandisha damu visishikane, ndiyo maana damu hiyohiyo nzito haikomi kutoka puani. Anayemeza aspirini ili "kupunguza uzito wa damu" anazidisha kuvuja.

Himoglobini ya 7 nayo inadanganya kidogo. Uboho umevamiwa, ni kweli, lakini pia plazma imeongezeka na kuzitawanya chembe nyekundu. Uchache wa chembe hizo ndio unaoiwezesha damu kutiririka. Ukimwongezea mzee chupa mbili, damu inazidi kukwama, naye anaweza kupoteza fahamu.

Jibu la maabara kuhusu IgM huweza kuchukua siku kadhaa, ila macho hayasubiri. Mboni ikipanuliwa kwa dawa ya matone, daktari ataona vena za retina zimevimba, zimepindapinda, zimebanwa hapa na pale, na kando yake madoa ya damu. ESR iliyopita 100 inazidisha shaka.

Tiba ya dharura ni kuichuja plazma kwa mashine, chembe zikarudishwa mwilini pamoja na albumini. Awamu moja huweza kupunguza IgM kwa karibu nusu, na mgonjwa akaanza kuona vizuri siku hiyohiyo. Pasipo mashine, daktari huweza kutoa chupa ya damu huku akiingiza maji ya chumvi. Ni njia duni, lakini humpa mgonjwa muda wa kufika kwenye mashine.

Seli zenyewe hutibiwa baadaye kwa dawa za saratani. Rituksimabu, inayotumika sana, huweza kuipandisha IgM wiki za mwanzo, kwa hiyo mgonjwa mwenye damu nzito hapewi mpaka IgM ishushwe kwanza.