Maeneo matatu yanayoibana saini

Mwanafunzi anayeweka sifuri mahali pa x katika sin x/x hujikuta anagawanya sifuri kwa sifuri, na kalkuleta humjibu kwamba amekosea. Akiweka 0.1 anapata 0.99833. Akishuka hadi 0.01 anapata 0.99998. Jibu linaikaribia 1, ila tarakimu kwenye kioo si uthibitisho. Uthibitisho unapatikana kwa bikari, rula na kanuni ya eneo la pembetatu.

Kwanza huchorwa duara lenye kitovu O na nusu kipenyo cha 1. Mstari OA unalala, OB unainuka kidogo, na pembe kati yao ni x. Nukta A na B ziko kwenye ukingo wa duara. Zikiunganishwa kwa mstari ulionyooka, hupatikana pembetatu OAB. Kitako chake ni 1, na kimo chake, yaani umbali wa kushuka wima kutoka B hadi OA, ni sin x. Basi eneo lake ni nusu ya sin x.

Pembetatu hiyo imo yote ndani ya kipande cha duara kinachozungukwa na OA, OB na tao AB. Duara zima lina eneo π na pembe ya radiani 2π. Kwa hiyo kipande chenye pembe x kina eneo x/2.

Hatimaye mstari wima unasimamishwa pale A, na OB inarefushwa mpaka ikutane nao kwenye C. Urefu AC ni tan x, hivyo pembetatu OAC, inayokimeza kipande chote, ina nusu ya tan x. Kwa x = 0.1 maeneo hayo ni 0.04992, 0.05 na 0.05017. Yanakaribiana mno, lakini mpangilio haubadiliki:

sin x < x < tan x

Ukigawanya kote kwa sin x, kisha ukazipindua sehemu hizo (na alama za ulinganisho zikageuka), unabaki na:

cos x < sin x/x < 1

Pembe ikizidi kupungua, wima wa kutoka B unaangukia karibu zaidi na A, na cos x, ambayo ni umbali kutoka O hadi hapo, inaelekea 1. Kilichobanwa katikati hakina pa kwenda ila 1. Kwa x hasi hakuna kazi mpya: saini na x hubadili alama pamoja, na uwiano unabaki uleule.

Mtego uko kwenye digrii. Kalkuleta iliyoachwa humo, kwa x = 0.1, hutoa takriban 0.01745, yaani π/180, kwa sababu hapo eneo la kipande si x/2 tena bali πx/360. Wengine hukwepa mchoro na kukimbilia kanuni ya L'Hôpital. Inatoa 1, lakini inataka kinyambuo cha saini, na kinyambuo hicho kwa kawaida hupatikana kwa kutumia kikomo hikihiki.