Dodoso au Mahojiano: Sura ya Tatu Ijitetee kwa Hoja

Mwalimu akiulizwa ana kwa ana kama anaridhika na uongozi wa mkuu wake wa shule, hupima kwanza anayemuuliza ni nani na jibu lake litafika wapi. Mwanafunzi wa uzamili anayetafiti kuridhika kwa walimu na kazi yao alizingatie hilo anapoandika sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti. Wengi huandika tu kwamba wamechagua dodoso kwa sababu ni rahisi na linaokoa muda. Msimamizi huirudisha sura hiyo, na ana haki.

Hoja ya kwanza itoke kwenye swali la utafiti. Tuseme halmashauri ina walimu 900, na mtafiti anataka kujua kama walimu wa vijijini na wa mjini wanatofautiana katika kuridhika na kazi. Ulinganisho huo unadai watu wengi waulizwe mambo yaleyale kwa maneno yaleyale. Kwa kanuni ya Yamane, n = N / (1 + Ne²), ukikubali kosa la asilimia 5, unagawanya 900 kwa 3.25 na kupata walimu 277. Ukimhoji kila mmoja kwa dakika 45, utakuwa na zaidi ya saa 200 za sauti za kunakili.

Hoja ya pili ni usiri, nayo huvunjika upesi. Madodoso yakikusanywa mezani kwa mkuu wa shule, hakuna atakayeandika ukweli kuhusu mkuu huyo. Hata bila jina, ukiuliza jinsia, umri na somo katika shule yenye walimu wanane, mwalimu wa kike wa hisabati mwenye miaka 55 ameshajulikana. Kwa hiyo sura ieleze kwamba umri utaulizwa kwa makundi, kila dodoso litafungwa kwenye bahasha, na mtafiti atazikusanya mwenyewe.

Sura ieleze pia jinsi majibu ya ovyo yatakavyotambuliwa. Kipimo cha Paul Spector cha mwaka 1985 kina sentensi 36 zinazogusa maeneo tisa, yakiwemo mshahara, kupanda cheo na usimamizi, na baadhi zimeandikwa kwa mwelekeo hasi. Mwalimu akikubali kabisa kwamba mshahara wake unamtosha, kisha akakubali kabisa kwamba ni mdogo mno, huenda aliweka vema bila kusoma.

Mwisho, mtafiti akiri mpaka wa dodoso. Litaonyesha kwamba walimu wa vijijini hawaridhiki na kupanda vyeo, lakini halitasimulia walivyozungushwa wakidai haki hiyo. Kama swali lako kuu ni kwa nini walimu wanakata tamaa, acha dodoso ukawahoji.